Mwenye siti ya 23

"Mama, ile hadithi yangu ya basi la usiku nimeikata posti tano, watu wanasoma ya kwanza halafu wanapotea. Ni ya kubuni lakini najua iko na kitu. Nakosea wapi?"

Mwanangu, salaam kutoka Arua, sisi wote wazima, nyanya yako anakusalimia sana. Hadithi nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikiwa jikoni maharage yakikaribia kuungua, na ukweli nakwambia yule mzee wako wa siti ya 24 amenikaa moyoni, mpaka usiku nilikuwa namfikiria. Kwa hiyo usiifute. Tatizo lako nimeliona kwenye sentensi ya kwanza kabisa, hii hapa: "Mzee alikuwa amekwenda Kampala kumchukua kijana wake, lakini kijana akakataa kurudi nyumbani." Sasa mwanangu msomaji abaki kusubiri nini? Umeshampa yote, siti tupu anajua ni ya nani, sweta anajua ni la nani, zile posti nne zingine anaona ni njia tu ya kufika Arua.

Unakumbuka nilikuwa naandika michezo ya redio ya Kiswahili, kila kipande dakika tano, halafu mtu anakungoja mpaka wiki ijayo. Tulikuwa tunajipima hivi, unamsomea mtu kipande halafu unanyamaza. Akisema "halafu?" bado hujamshika, hiyo anasema kwa adabu tu. Akiuliza swali lenye kitu ndani yake, kama "hilo sweta ni la nani?", hapo umemshika kweli. Jana nimemsomea jirani yetu anayeuza mkaa posti yako ya kwanza kama ulivyoandika, akasema "pole kwa huyo mzee" akaendelea kupima mkaa wake. Halafu nikamsomea hii, maneno ni yako mengi, nimetoa tu maelezo na kuacha vitu vyenyewe:

"Saa tatu usiku, Kampala. Basi la Arua limejaa mpaka kwenye ngazi. Mzee wa siti ya 24 ameweka sweta jipya juu ya siti ya 23, bado lina karatasi ya bei. Kondakta anamwambia toa hiyo nguo watu wakae. Mzee anatoa tiketi mbili mfukoni. 'Nimelipa zote. Mwenyewe anakuja.' Basi linaondoka. Mwenyewe hajaja."

Akaacha mkaa, akaniuliza "sasa huyo mwenyewe ni nani, mke wake?" Unaona? Kwa kichwa chake ameshaanza kumjaza mtu kwenye ile siti, na mtu akishaanza kujaza mwenyewe hawezi kukuacha njiani. Na hiyo karatasi ya bei mwanangu uliitaja posti ya tatu kama kitu kidogo, mimi nimeileta mbele kwa sababu inasema sweta halijavaliwa, ni zawadi, bila wewe kusema ni zawadi. Ishike vizuri, tutaihitaji mwisho.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Umeandika basi limetoka Kampala saa tatu na saa nne liko Karuma. Mama, hapo ni kama kilomita 260! Watu wa huku kwetu West Nile wote wamepanda hilo basi, wanajua kwa mwili wao wanafika wapi wakiwa na njaa na wapi wakiwa na usingizi, ukiwapeleka Karuma kwa saa moja wanajua hujasafiri, basi hata mzee hawamwamini tena. Kutoka saa tatu, weka Migyera saa tano na nusu, Karuma saa saba na nusu, Pakwach saa tisa na nusu hivi, Arua kunakucha. Na hapo ndio utapata pa kukata, kwa sababu wewe umekata hadithi pale posti ilipojaa, katikati ya jambo, wakati hiyo barabara tayari imekukatia. Basi likisimama taa zinawashwa, watu wanaamka, wanaangaliana, wanaona siti iliyo wazi na mtu aliyesimama kando yake. Likiondoka taa zinazimwa kila mtu anarudi kwa mawazo yake. Kwa hiyo kila posti iwe stopu moja, taa zikiwaka unaanza, zikizima unaacha.

Posti ya pili basi, Migyera. Hapa uliweka majambazi wamefunga njia, halafu dereva amelewa, halafu yule msichana wako anayesimulia anaamka kumbe alikuwa anaota. Toa yote mwanangu. Najua uliogopa pamepoa, lakini ukimtisha msomaji halafu umwambie ilikuwa ndoto, posti ya tatu hatakuamini hata ukimwambia mvua inanyesha. Hofu ya hadithi hii haiko barabarani, iko kwenye ile siti. Nimejaribu hivi:

"Migyera, saa tano na nusu. Wauzaji wanainua nyama ya mchomo na ndizi za gonja mpaka madirishani. Mzee ananunua vijiti viwili. Anakula kimoja. Cha pili anakifunga kwa karatasi, anakiweka kando ya sweta. Mimi nimekaa juu ya jerikeni kwenye korido tangu Kampala, miguu imekufa ganzi. 'Mzee, mwenyewe anapandia wapi?' Anageukia dirisha."

Hicho kijiti cha pili nimekiongeza mimi, unisamehe, kama hukitaki kitoe. Lakini nilijiuliza mtu ambaye mwanawe hajaja stendi, na basi limeshaondoka, anafanya nini? Hakubali mara moja. Mkono wake unanunua viwili kwa sababu miaka yote umenunua viwili. Nilipoandika hapo nilisimama kidogo, nikaenda nje.

Sasa sikiliza hili la tatu kwa makini kwa sababu ni la Kiswahili chenyewe na naona vijana wengi mnakosea hapo. Posti yako ya tatu inaanza "Akapokea simu." Nani? Hiyo -ka- ni ya kufuata, ni lazima kuwe na jambo lililotangulia iliegemee, alitoka, akafunga mlango, akaenda. Kwenye hadithi ya ukurasa mmoja ni tamu sana, inakimbia yenyewe. Lakini kwenye posti labda mtu wa Koboko ametumiwa na shemeji yake hiyo ya tatu peke yake, hajaona ya kwanza, kwake hiyo "akapokea" imening'inia hewani haina mti. Kwa hiyo mwanzo wa kila posti tumia -na-, taja mahali, taja saa, na umtaje mzee au sweta kwa jina kabisa usiseme "yeye" au "lile". Ndani ya posti ukishasimama vizuri unaweza kukimbia na -ka- unavyotaka.

"Karuma, saa saba na nusu. Basi linateremka polepole kuelekea daraja, ubaridi wa mto unaingia kwa dirisha. Simu ya mzee inaita. Anaiweka sikioni, anasikiliza tu. 'Haya. Sawa. Kula vizuri.' Simu imekatika lakini taa yake bado iko usoni mwake. Siti ya 23 bado ina sweta na mchomo uliopoa. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala."

Umeona mto sijausifu. Wewe uliandika Nile inang'aa, na tembo wakinywa maji kando, saa saba ya usiku mama, nani amewaona? Tembo wako huko kweli, ile njia ya Karuma kwenda Pakwach inapita kwenye mbuga ya Murchison na mchana utawaona, lakini usiku ndani ya basi unachojua ni kwamba mwendo umepungua na shingo imepata baridi. Baridi hiyo inatosha, tena inatufaa, maana tuko na sweta ambalo halijavaliwa.

Na simu, wewe uliandika mazungumzo yote, kijana anasema amepata kazi, baba analia, kijana anaomba msamaha. Nimebakiza upande mmoja tu kwa sababu msichana wako yuko kwenye jerikeni, anasikia upande mmoja. Usimpe masikio ambayo hana. Ukitaka kujua kama umekata sana msomee mtu asiyejua kitu, mimi nilimsomea shangazi yako, akakaa kimya kisha akasema "huyo ni mtoto wake", hakuna aliyemwambia. Kama angesema "ni nani amempigia?" ningerudisha neno moja tu, "baba", nisingerudisha simu nzima.

Ya nne nimeipata usiku wa manane nikaamka kuiandika nyuma ya risiti:

"Pakwach, saa tisa na nusu. Amepanda mama na mtoto mgongoni, anashika chuma cha juu. Mzee anaondoa sweta, anapiga siti ya 23 kwa kiganja. 'Kaa hapa.' Mtoto anakohoa. Mzee anang'oa ile karatasi ya bei, anamfunika mtoto kwa sweta la mtu mzima. 'La nani hili?' mama anauliza. 'La kijana wangu. Amesema Kampala hakuna baridi.'"

Hapo nimebadilisha kitu kikubwa, najua. Kwako mzee anateremka Arua na sweta kwapani, peke yake, na ni kweli ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Lakini uliweka siti tupu kwenye basi lililojaa, na watu wamesimama tangu posti ya kwanza, hiyo siti lazima ikaliwe na mtu. Tena nimeangalia asikubali mapema, angempa mtu siti pale Migyera tungesema ni mzee mwema tu basi. Amekataa kondakta, amekataa hata kukujibu wewe wa jerikeni, mpaka simu ya Karuma. Kama unaona simu inamfanya aachilie haraka mno sogeza simu nyuma, iwe Kigumba kabla ya Karuma, umpe njia ndefu zaidi ya kukaa nayo gizani. Hilo nakuachia, wewe ndiye unamjua.

Ile ya tano uliyoeleza kwamba wazazi wanaumia na vijana wa mjini wakumbuke nyumbani, nimeisoma mwanangu, nimeielewa, na najua uliniandikia mimi. Nimeikata nikaiweka ndani ya kitabu changu cha dua. Kwenye hadithi usiiweke.

Mama yako,
Arua