Kidonda chekundu cha kisigino: josho la mrututu lisubiri

Swali: Dokta, asalamu alaykum. Nipo Wete, nina ng'ombe wanne wa maziwa, chotara wa Friziani, nawalisha bandani. Wawili wanachechemea miguu ya nyuma. Wamepigwa sindano ya penisilini mara tatu, wanapata nafuu kisha maradhi yanarudi. Jirani kanishauri nijenge josho la miguu la mrututu. Liwe na ukubwa gani, na dawa kiasi gani?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usinunue saruji bado. Kwanza mfunge ng'ombe vizuri, uinue mguu, uoshe kwa maji na uangalie nyuma, pale juu kidogo ya mpasuko wa kwato, baina ya visigino viwili. Ukikuta kidonda cha duara, chekundu kama nyama mbichi, nywele zimesimama pembeni, kinatoa damu kwa kuguswa tu na ng'ombe anaruka kwa maumivu, hiyo ni dematitisi ya vidole. Ikiwa badala yake mguu wote umevimba juu ya kwato, una moto, na mnyama ana homa, hayo ni maradhi mengine ya kuoza baina ya kwato, na hayo ndiyo yanayohitaji sindano upesi.

Dematitisi huletwa na bakteria wa jamii ya treponema. Wanajificha ndani ya ngozi iliyolainishwa na mavi na mkojo, na dawa inayowafikia vyema ni ile ya kupaka juu. Osha kidonda, kikaushe kwa kitambaa safi, kisha daktari wa mifugo wa kwenu akuelekeze dawa ya kupuliza ya oksitetrasaiklini. Ipulize, isubiri ikauke, upulize tena, na urudie kila siku kwa siku tatu. Fuata maandishi ya kwenye chupa kuhusu maziwa. Ngozi ikibaki nene na ngumu, usidhani imepona: bakteria bado wamo, na kidonda kinaweza kufumka tena.

Sasa kuhusu josho. Hulinda ngozi isiyo na kidonda, haliponyi kidonda kilichofumka. Tupige hesabu: josho la urefu wa mita 2, upana sentimita 60 na kina cha sentimita 10 linameza lita 120. Mrututu wa asilimia 5 ni gramu 50 kwa lita, kwa hiyo unahitaji kilo 6 kwa mjazo mmoja, na mavi ya ng'ombe wanne yataichosha dawa hiyo haraka. Halafu utaimwaga wapi? Mrututu una shaba, na shaba haiozi; ukiimwaga kila mara kwenye shamba la majani ya malisho, inajilimbikiza udongoni. Kwa ng'ombe wanne, yeyusha gramu 150 katika lita 3 za maji ndani ya bomba la plastiki la kupulizia (mrututu hula chuma), vaa glavu, osha visigino vya nyuma na kupuliza baada ya kukamua, siku tatu mfululizo kila wiki wakati wa masika. Mbuzi na kondoo wasisogelee ndoo. Shaba huwaua, kondoo hasa.

Kilichobaki ni kucha na malalo, na hapo ndipo naamini maradhi yako yanapojirudia. Ng'ombe wa bandani hatembei vya kutosha kusaga kucha. Ncha ikirefuka, mguu hulala nyuma na kisigino huzama kwenye tope la mavi. Niliwahi kuitwa kwenye banda moja karibu na Chake Chake ambako ng'ombe alitibiwa mara nne kabla yangu. Kucha zake za nyuma zilikuwa ndefu mno. Tulikata ncha za mbele hadi ukuta wa mbele ukabaki sentimita 7 na nusu hivi, tukasawazisha ukwato wa nje na wa ndani, tukaacha kisigino bila kukigusa sana. Unyayo ukianza kubonyea unapoubana kwa kidole gumba chako, acha kukata hapo hapo. Visu vioshwe na kulowekwa kwenye dawa ya klorini kabla ya mguu wa pili, maana kisu hubeba bakteria kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Fanya hivyo mwezi wa pili, kabla ya mvua.

Malalo ya ng'ombe yule wa karibu na Chake Chake yalikuwa saruji tupu isiyo na mteremko. Mwenye banda aliongeza mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, akatandika usumba mkavu uliochanganywa na makapi ya mpunga, unene wa kiganja. Sehemu ya nyuma anayokojolea huondolewa kila asubuhi, na njia hukwanguliwa mara mbili kwa siku. Maranda ya mbao pia yanafaa, ila yakilowa hukaribisha maradhi ya kiwele. Upimaji wake ni rahisi: piga magoti juu ya malalo, uhesabu hadi kumi. Suruali ikilowa magotini, basi visigino navyo vimelowa usiku kucha.

Na ukinunua mtamba, muinue miguu ya nyuma kabla hujamlipia mwenyewe.