Fundi kakufutia key zote za Secure Boot? Mashine haijafa, ila usiiache hivyo

Swali: Habari fundi. Desktopu yangu ilikuwa inazingua kuwaka, nikaipeleka Kariakoo, jamaa akaingia kwenye BIOS akafuta key zote za Secure Boot, anasema anaisafisha. Sasa nikiiweka Enabled inaniambia "System in Setup Mode" na inataka Platform Key. BitLocker nayo iliniomba ile namba ndefu, bahati nilikuwa nayo nikaingia. Fundi mwingine anataka hela aiflashi BIOS. Imeharibika kweli?

Jibu: Haijaharibika kaka, na hiyo hela ya kuflashi usiitoe. Hiyo meseji ni mashine inakwambia ukweli tu, haina PK, yaani hiyo Platform Key, na bila PK haiwezi kuwasha Secure Boot hata ubonyeze Enabled mara mia.

Kuna watu wanaona neno keys kwenye BIOS wanajua ni kufuli, basi wakizifuta mashine inakuwa "imefunguliwa", au imesafishwa virusi, au paswedi ya BIOS imetoka. Hakuna hata moja hapo. Zile si siri na hazijafunga kitu, ni vyeti vya wazi ambavyo BIOS inavitumia kukagua saini ya kila kinachotaka kuwaka. Viko vya aina nne: PK ni ya mwenye mashine, kawaida kampuni iliyoitengeneza. KEK ni ya wale walioruhusiwa kubadilisha orodha. db ni orodha ya wanaokubaliwa, na dbx ni orodha ya waliopigwa marufuku. Ukibonyeza kufuta zote unafuta hizo nne, basi. Faili zako zipo palepale, paswedi ya BIOS ipo, na kama kulikuwa na kirusi kwenye Windows kipo, tena sasa kimepata nafasi kubwa kuliko mwanzo.

Kinachoamua mashine iko modi gani ni PK peke yake. Ikiwepo uko User Mode, yaani hakuna wa kugusa PK, KEK, db wala dbx kutokea ndani ya Windows au Linux bila saini inayotambulika. Ikitoka, unarudi Setup Mode, na hapo ukaguzi wa saini unazima kabisa na BIOS inakubali PK mpya kutoka kwa yeyote. Na nikisema yeyote simaanishi lazima akae mbele ya skrini, programu yoyote iliyopata haki za adimini kwenye Windows yako inaweza kuandika PK yake, KEK yake na db yake, mashine ikarudi User Mode, ukawasha Secure Boot ukaona Enabled ukafurahi, kumbe mlinzi wa geti anafanya kazi kwa orodha ya mwizi. Ndio maana nakasirika mtu akisema "tumeizima tu Secure Boot". Kuizima ni kitu kingine! Ukiizima kwa Disabled key zote zinabaki na uko bado User Mode, ukiiwasha tena inaendelea ilipoishia.

Sasa ya kwako. BIOS ina nakala ya key za kiwandani ndani yake, unazirudisha tu. Lakini kabla hujagusa kitu simamisha BitLocker, ile inayofunga diski yako kwa usimbaji, kwa sababu inaangalia hali ya Secure Boot na hizo key, zikibadilika inashtuka, ndiyo maana iliomba zile tarakimu 48. Fungua PowerShell kama adimini:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Restati uingie BIOS. Hakikisha CSM, ile modi ya kuwasha kizamani, iko Disabled, nenda kwenye Secure Boot, weka Secure Boot Mode iwe Custom, kisha tafuta Restore Factory Keys (bodi nyingine wanaandika Install Default Keys). Ikikuuliza kama isakinishe key za kiwandani sema Yes. Baada ya hapo nyingi zinauliza "Reset Without Saving", hapo sema No, watu wengi wanapotelea hapo wanarudi wakisema imegoma. Angalia System Mode iwe imebadilika kuwa User, weka Secure Boot Enabled, F10. Ukiingia Windows fungua tena PowerShell kama adimini uhakiki:

```
Confirm-SecureBootUEFI
(Get-SecureBootUEFI SetupMode).Bytes
manage-bde -protectors -enable C:
```

Ya kwanza ijibu True, ya pili 0. Ya tatu inarudisha BitLocker, usiisahau. Na usihangaike kuchomoa betri ya CMOS, kwa bodi nyingi hizo key haziko huko, ziko kwenye chipu ileile ya BIOS.

Kuna mtego mmoja ambao hao "wasafishaji" hawaujui kabisa. Key za kiwandani ni za siku BIOS yako ilipotengenezwa, siyo za jana. Vyeti vya Microsoft vya 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026, kwa hiyo Windows imekuwa ikiongeza vyeti vya 2023 kwenye db kimyakimya kupitia apdeti. Fundi alipofuta, vyote vimeondoka, na marufuku zote zilizoongezwa kwenye dbx nazo zimeondoka. BIOS ikiwa ya zamani unarudishiwa vya 2011 peke yake. Kama faili la kuwashia Windows kwenye diski yako lilishahamia saini ya 2023, ukiwasha Secure Boot utapigwa "Secure Boot Violation" hata kama kila kitu umekifanya sawa.

Ikikutokea, zima Secure Boot kwa Disabled (usifute tena!), ingia Windows, chukua flashi ya FAT32, kopi `C:\Windows\Boot\EFI\SecureBootRecovery.efi` uiweke kwenye flashi kwa njia ya `\EFI\BOOT\bootx64.efi`. Washa Secure Boot, buti kwa hiyo flashi, yenyewe inaongeza cheti cha 2023 kwenye db halafu inarestati. Au shusha BIOS mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi yako uiapdeti mwenyewe bure, toleo jipya likiwa na vyeti vya 2023 ukirudisha key za kiwandani vinakuja navyo. Kujua kama kimo:

```
[Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).Bytes) -match 'Windows UEFI CA 2023'
```

Na nyie mnaofuta key ili mweke Ubuntu, mnahangaika bure, Ubuntu inawaka na Secure Boot ikiwa Enabled. Distro isiyokuwa na saini, weka Disabled inatosha. Anayehitaji Setup Mode kikweli ni yule anayetaka kuweka key zake mwenyewe, na huyo kama anatumia sbctl, programu ya Linux ya kusimamia hizo key, aandike `sbctl enroll-keys -m` ili vyeti vya Microsoft vibaki, kwa sababu kadi nyingi za grafiki zina programu yao ndogo iliyosainiwa na Microsoft, ukivitoa skrini inaweza kubaki nyeusi hata BIOS usiione, na mashine nyingine ikifika hapo ndiyo kweli unahitaji mtu mwenye programa ya kuandikia chipu. Ukisikia fundi anasema atakufutia key "ili mashine iwe nyepesi", muulize zile recovery key za BitLocker amezitunza wapi. Akikodoa macho, beba mashine yako uondoke.