Bei Uiandike au Waulize Inboksi? Nilichojifunza Kwenye Mashuka na Mapazia

Nauza mashuka na mapazia Moshi mjini, na wateja wa Arusha nawatumia mzigo kwa basi. Wengi wananijua kupitia stetasi ya WhatsApp na Instagram kabla hawajakanyaga dukani. Ninayoandika hapa yanatokana na bidhaa hizo mbili, kwa sababu zina tabia tofauti kabisa: shuka ina bei moja kwa kila mtu, pazia halina bei mpaka dirisha lipimwe.

Tuanze na shuka. Ukiweka picha ya shuka za futi sita kwa sita ukaandika "bei inboksi", meseji zitakuja kweli. Asilimia kubwa zitakuwa na neno moja tu: "Bei?" Unajibu, "Elfu thelathini na tano dada, shuka mbili na foronya mbili." Tiki mbili zinageuka bluu, halafu kimya. Huyo hakukudharau. Alitaka kujua tu, kama anayepita dukani akashika kitambaa na kuendelea na safari yake. Ila wewe umekaa jioni nzima unajibu watu wa namna hiyo, na yule mwenye hela mkononi umemjibu kesho yake saa nne asubuhi, ameshanunua kwingine.

Hao angalau wameuliza. Wanaonipa mawazo zaidi ni wale ambao hawaulizi kabisa. Kwetu mtu akishakuuliza bei, ukamjibu kwa heshima na "karibu sana mama", anaona aibu kusema hana kiasi hicho. Kwa hiyo anaona heri asiulize. Wapo pia wanaoamini kwamba bei iliyofichwa ni bei kubwa, au kwamba muuzaji anaangalia kwanza picha ya profaili ndipo ataje. Hilo la pili si wivu tu, wauzaji wa hivyo wapo. Na Moshi ni ndogo: ukimwambia mmoja elfu thelathini na tano, mwenzake ukampa kwa thelathini na mbili, wataonyeshana skrini kanisani Jumapili.

Nikiandika bei juu ya picha, meseji zinapungua. Hapo ndipo wauzaji wengi wanaogopa na kurudi kwenye "inboksi", maana simu imenyamaza. Lakini angalia meseji zilizobaki zinaanzaje: "Ya kijani ipo?" "Mnatuma Njiro?" "Naomba lipa namba." Huyo kilichobaki kwake ni mzigo tu. Halafu kuna mnunuzi ambaye kwenye mfumo wa inboksi humuoni kabisa. Mwalimu mmoja alikuwa anatazama stetasi zangu bila kusema neno. Mwisho wa mwezi akaandika, "Zile za elfu thelathini na tano bado zipo? Nichukulie mbili." Alikuwa ameshapiga hesabu yake kimya kimya. Angelazimika kuuliza kwanza, naamini asingeuliza.

Kuomba kupunguziwa hakuishi, tusidanganyane. Ila kunabadilika sura. Bei iliyotajwa inboksi mteja anaichukua kama mwanzo wa mazungumzo. Bei iliyochapwa kwenye picha anaiona kama bei ya duka, kwa hiyo anaomba kwa sababu: "nikichukua mbili je?" Mimi na hilo naliandika kabisa, pea mbili elfu sitini na sita, na mjadala unafupika.

Kitu kimoja kinaharibu faida yote hii: nauli. Ukiandika elfu thelathini na tano, mtu wa Sakina akakubali, ndipo unamwambia kuna elfu tatu ya basi na bodaboda ya kutoka stendi ni juu yake, umemrudisha kulekule kwenye bei iliyofichwa. Wananyamaza hapo kuliko mahali pengine popote. Siku hizi mstari wa pili wa posti ni huo: Moshi mjini unaletewa bure, Arusha elfu tatu mpaka stendi.

Na mawinga. Winga anachukua picha yako, anaweka stetasi yake, anaongeza elfu tano yake, akipata mteja anakuja kwako. Picha ikiwa na bei, hawezi kuitumia, na wengine wanauza vizuri kuliko wewe mwenyewe. Kwa hiyo napiga picha moja natoa nakala mbili: yenye bei inakwenda kwa wateja, isiyo na bei inakwenda kwenye grupu la mawinga pamoja na bei yao ya jumla. Bei ya jumla siiweki hadharani hata siku moja, maana mteja wa rejareja akiiona, bei yako ya kawaida inageuka wizi machoni pake.

Sasa mapazia. Hapa "bei inboksi" ina sababu ya kweli, lakini ikiwa peke yake bado inaleta "Bei?" zilezile, na safari hii huna hata jibu la kutoa. Wengi wanakimbilia kuandika "kuanzia elfu ishirini". Neno "kuanzia" halisomwi. Mteja anasoma elfu ishirini, anakuja na dirisha la sebuleni, ukimtajia bei halisi anaona umempandishia.

Mimi naandika bei ya mita na mfano mmoja uliokamilika. Kitambaa ni elfu tisa kwa mita, nacho kina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaoning'inia kutoka kwenye fimbo kushuka chini. Unachonunua kwa mita ni kile kinachokwenda kushoto na kulia. Ili pazia likae na mikunjo, unahitaji mara mbili ya urefu wa fimbo. Fimbo ya mita mbili, basi, ni mita nne za kitambaa: elfu thelathini na sita. Kushona na ringi elfu kumi na mbili. Jumla elfu arobaini na nane, fimbo yenyewe haimo. Picha ni ya dirisha hilohilo, siyo la ukumbi wa hoteli.

Chini yake ndipo naomba meseji, ila nasema ije na nini: urefu wa fimbo, kipimo kutoka kwenye fimbo mpaka unapotaka pazia liishie, na picha ya dirisha. Tofauti inaonekana papo hapo. Anayepanda kiti na futi kupima dirisha lake ameshaamua kununua, kilichobaki ni rangi. Asiye tayari kupima, bei ya mfano inamtosha kwa leo.

Wanaotetea inboksi wana hoja moja ambayo siipuuzi: kwenye Instagram komenti husaidia posti kuwafikia watu wengi zaidi, na "bei?" ishirini ni komenti ishirini. Ni kweli. Lakini angalia wanaoandika wako wapi, na wangapi wanaweza kufikiwa na basi lako. Nikitaka komenti nauliza watu wachague rangi, bei ikiwa imeshaandikwa.

Jambo la kuwa nalo makini ni bei za zamani. Mzigo mpya ukija na bei nyingine, picha ya miezi iliyopita bado inazunguka kwenye magrupu, na mtu atakuja na skrini yake. Ndiyo maana pembeni ya bei naandika mwezi na mwaka, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Na bei ikipanda, kabla sijaposti chochote kipya, napitia kwanza katalogi ya WhatsApp na zile stori nilizozibandika juu kwenye Instagram, nabadilisha moja moja.