Mteja ana invoisi tatu hajalipa, imeili nianze vipi na nikaze wapi?

Swali: Kaka habari za kazi. Niko Moshi, nafua na kushona mahema na slipingibegi za kampuni za kupandisha wageni mlimani. Kampuni moja ina invoisi zangu tatu, ya Januari, Februari na Machi, jumla 5,400,000, makubaliano ni siku 30 na zote zimeshapita. Nikiwatext WhatsApp wanajibu "tunashughulikia dada" basi. Sitaki kuwapoteza maana msimu wa Juni huo unakuja, ila nimechoka. Nianzaje na nikaze wapi?

Jibu: Pole dada. Hiyo "tunashughulikia" naijua, hapa Arusha nawafanyia hesabu watu wa magereji na wauza mboga za lodji na wote wanaijua. Shida yake ni kwamba si kukubali deni wala kukataa, kwa hiyo kabla hujakaza popote kitu cha kwanza unachokitafuta ni sentensi moja ya maandishi kutoka kwao inayosema invoisi tunazo na hazina tatizo. Ukishaipata hiyo, imeili zote zinazofuata zinakuwa nyepesi kuandika na ngumu kukwepa. Wengi wanaanza na ukali, mteja anajibu "ile slipingibegi ya bluu zipu ilikatika tena" na ghafla mnabishana zipu badala ya hela.

Ila anza na kwako. Fungua imeili ulizotuma invoisi uangalie zilienda kwa nani, maana mimi mwenyewe niliwahi kumfuatilia mteja miezi miwili nikimuona tapeli kumbe mhasibu wao alishaacha kazi na inboksi yake hakuna anayeifungua, nilikuwa nazungumza na ukuta. Angalia pia kama una karatasi ya kupokelea mzigo yenye sahihi yao, mahema mangapi, begi ngapi, tarehe gani. Ipige picha uiweke tayari.

Sasa ya kwanza. Usiweke neno deni, usiweke lawama, weka zote tatu kwenye imeili moja na uziambatishe upya hata kama ulishazituma. Tuchukulie leo ni tarehe 22 Aprili, namba za invoisi na kiasi cha kila moja nimebuni, weka zako:

> Kichwa: Invoisi 014, 021 na 027, jumla Sh 5,400,000
>
> Habari za asubuhi ndugu Mhasibu,
>
> Naambatisha tena invoisi tatu za kufua na kushona vifaa vyenu: 014 ya Sh 1,860,000 (mwisho wa kulipa 19 Februari), 021 ya Sh 2,340,000 (19 Machi) na 027 ya Sh 1,200,000 (9 Aprili), pamoja na karatasi za kupokelea mzigo.
>
> Naomba unithibitishie kufikia Ijumaa hii kama zote zimefika na kama kuna yoyote yenye swali, ili nilirekebishe mapema. Akaunti ya malipo ni ile ile iliyoandikwa kwenye invoisi, haijabadilika.
>
> Asante kwa ushirikiano.

Ona hapo sijasema lipa. Nimeuliza kitu ambacho mhasibu anaweza kukijibu mwenyewe bila kwenda kwa bosi, na ndiyo maana atajibu. Hiyo ya akaunti haijabadilika usiione ndogo, siku hizi kuna matapeli wanaingilia imeili wanatuma namba nyingine ya benki, mhasibu makini akiona namba mpya kwenye imeili ya kukumbushia anasimamisha kila kitu na ana haki.

Akijibu "tumezipokea, zipo sawa, tutalipa" umeshinda nusu. Asipojibu usirudie imeili, piga simu, ongea naye kwa upole, halafu ndani ya nusu saa mwandikie "kama tulivyoongea kwa simu leo saa nne, umenithibitishia invoisi 014, 021 na 027 mmezipokea na hazina tatizo, kama nimekosea naomba unirekebishe". Akinyamaza hapo maandishi yako yanabaki. Na yote ifanye kwa kujibu ile ile imeili ya mwanzo, usifungue mpya, ili siku bosi wao akiifungua aone mfululizo wote chini yake.

Ya pili, wiki moja baadaye, ndiyo unaomba tarehe. Hapa fikiria mfuko wao pia, Aprili na Mei ni masika, wageni wachache, hela ya kampuni za mlima inaanza kuingia wageni wa Juni wakilipa advansi. Ukimwambia lipa yote kesho atakudanganya, ukimpa njia ya kulipa kwa mafungu atakupa tarehe za kweli:

> Ndugu Mhasibu, asante kwa kuthibitisha tarehe 24 kwamba invoisi zote tatu ziko sawa. Ya zamani zaidi, 014, sasa imepita siku 69. Naomba tarehe ya malipo ya kila moja kufikia 6 Mei. Kama kulipa yote pamoja ni vigumu kwa sasa, napendekeza 014 ilipwe kufikia 9 Mei, 021 kufikia 23 Mei na 027 kufikia 6 Juni. Ukikubali, jibu la "nimekubali" kwenye imeili hii linatosha.

Siku zihesabu kweli kweli, toka 19 Februari hadi 29 Aprili ni 69, ukikosea hesabu wanakudharau. Na usiongeze riba wala faini kama haikuwepo kwenye makubaliano, nimeona watu wanajiandikia asilimia 10 kwa mwezi kutoka hewani, mteja anashika hiyo hiyo kama sababu ya kutolipa hata kile halali.

Kitu kimoja kabla hujaenda mbele: wakilipa 014 ukaona imeingia 1,767,000 usiwake. Hiyo ni 1,860,000 toa asilimia 5, kodi ya zuio ambayo kampuni inakata kwenye malipo ya huduma na kuipeleka TRA kwa jina lako. Wewe dai cheti cha zuio, maana hiyo hela inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Wakikata wasikupe cheti, hiyo 93,000 bado ni hoja yako, iulizie kwa imeili.

Ya tatu ndipo unapokaza, na unakaza kwa kubadili mtu unayemwandikia, siyo kwa kubadili sauti. Tarehe waliyoahidi ikipita usiku mmoja, kesho yake asubuhi inaenda kwa mkurugenzi, mhasibu unamuweka kwenye CC. Bosi wengi hawajui kama fundi wao anadai, na asiyejua ukimfokea anakutetea vipi ofisini?

> Ndugu Mkurugenzi, naandika kwako moja kwa moja kwa sababu tarehe ya 9 Mei tuliyokubaliana na ofisi yako (chini hapa) imepita bila malipo. Jumla iliyobaki ni Sh 5,400,000. Nathamini kazi tuliyofanya pamoja na ningependa tuendelee msimu huu. Hata hivyo kuanzia 16 Mei sitaweza kupokea mzigo mpya wa kampuni yako mpaka 014 iwe imelipwa na tarehe za zilizobaki zithibitishwe kwa maandishi. Napatikana kwa simu siku yoyote kabla ya hapo.

Hiyo ndiyo silaha yako halisi dada. Mahema yenye matope ya Machame na begi zinazonuka jasho la msimu uliopita hazipandi na wageni wa Juni, wanakuhitaji. Lakini tarehe 16 ikifika na kijana wao akaja na pikapu imejaa, usipokee. Ukipokea hata begi moja kwa huruma, imeili zako zote tatu zimekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Najua kuna swali linakuja hapo, "si nina mahema yao kumi hapa dukani, niyashikilie?" Taratibu. Fundi ana haki ya kushikilia kitu mpaka alipwe kazi aliyoifanya kwenye kitu hicho hicho, lakini mahema ya leo kuyashikilia kwa deni la Januari ni habari nyingine na wanaweza kukugeuzia kibao. Ongea na wakili kwanza kabla hujaandika sentensi hiyo popote.

Ya nne ni ya mwisho na ni fupi kuliko zote. Jumla, namba za invoisi, tarehe ya kukubali deni, siku 14 za kulipa, na kwamba baada ya hapo faili litakabidhiwa kwa wakili atoe notisi ya madai. Hakuna kuomba hapo, hakuna kutukana pia, "bado nitafurahi tukimaliza hili kati yetu" inatosha kuwa adabu. Usiitume kama hujaulizia bei ya wakili, maana kitisho usichokitekeleza kinawafundisha kukusubirisha. Sheria ya ukomo inakupa miaka 6 kufungua shauri la deni la mkataba, kwa hiyo muda unao, na imeili zinakubalika kama ushahidi, ndiyo maana nimekusumbua na yale ya kuthibitisha.

Usimtishie polisi, deni la biashara ni madai tu na mkurugenzi mwenye uzoefu atacheka. Na wala usiwaanike kwenye grupu la WhatsApp la watu wa mlimani, hata kama unasema kweli, utajikuta wewe ndiye unatafuta wakili.

Wakilipa, tuma risiti ya EFD siku hiyo hiyo pamoja na asante, halafu kwa mzigo wa Juni waambie nusu wakati wa kuleta na nusu wakati wa kuchukua. Wakikataa hiyo, uliza kampuni nyingine inaleta lini.