Kamera 12 kwenye diski ya terabaiti 4

*Nina kamera 12 kwenye ploti yangu ya Umoja. Fundi aliniwekea diski ya terabaiti 4 akasema itabeba mwezi mzima, lakini mashine ya kurekodi inarudi nyuma siku saba tu. Je, diski imeharibika, au ninunue ya ukubwa gani?*

Diski yako ni nzima, ila imejaa, na mashine inafuta picha za zamani ili iandike mpya. Fungua menyu ya kurekodi usome namba iliyo kwenye `Max. Bitrate` ya kila kamera. Kwa jinsi siku zako zilivyoishia saba, nadhani utakuta `4096`, yaani takriban megabiti 4 kila sekunde.

Zingatia kwamba hizo ni megabiti, si megabaiti. Biti 8 ndizo baiti moja, kwa hiyo kamera inaandika nusu megabaiti kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400, hivyo kamera moja hula gigabaiti 43.2 kwa siku. Njia ya mkato ni hii, ambapo GB ni gigabaiti na Mbps ni megabiti kwa sekunde:

```
GB = Mbps × 10.8 × kamera × siku
```

Kamera zako zote hula gigabaiti 518 kwa siku. Gawanya 4,000 kwa 518, unapata siku saba na ushei. Siku 30 zingetaka terabaiti 15.6, na sikushauri ugharamie hizo.

Badala yake, hamisha kamera zinazokubali kutoka mfumo wa kubana video wa `H.264` hadi `H.265`. Lakini hapa watu wengi hukwama: ukibadilisha hilo peke yake na kuacha `4096`, huenda nafasi isipungue hata kidogo, hasa kama kasi ya kuandika imefungwa isibadilike. Lazima ushushe namba yenyewe. `H.265` kwa megabiti 2 hutoa picha inayokaribiana na ya `H.264` kwa megabiti 4.

Mimi ningeacha kamera tatu kwenye megabiti 4: ya lango, ya maegesho na ya mlango wa ngazi, kwa sababu hapo ndipo utahitaji sura ya mtu na namba ya gari. Hizo zinakula gigabaiti 129.6 kwa siku. Tisa za korido, kwa megabiti 2, zinakula 194.4. Jumla ni 324 kwa siku, au terabaiti 9.7 kwa siku 30.

Kwa hiyo ongeza diski ya terabaiti 8 kando ya hiyo ya 4. Kabla ya kwenda Luthuli Avenue, hakikisha mashine ina nafasi ya diski ya pili na inakubali ukubwa huo. Omba diski iliyotengenezwa kwa kamera za ulinzi, inayohimili kuandikwa usiku na mchana. Usishtuke mashine ikisoma 7.3 badala ya 8. Inahesabu kwa mafungu ya 1,024, hujapunjwa.

Baada ya kupanga, angalia nafasi iliyobaki, kisha angalia tena saa 24 baadaye. Mashine ikihesabu kwa 1,024, gigabaiti 324 husomeka kama 302 hivi; ikiwa nafasi imepungua zaidi sana ya hapo, kuna kamera ya korido ambayo bado iko kwenye `4096`.