Mkono mmoja wa kuwekea makasisi

Swali la wiki: “Kwa nini Ethiopia, yenye wafalme na monasteri zake yenyewe, iliendelea kuletewa askofu kutoka Misri hadi karne ya 20, na utaratibu huo uliiacha vipi?”

Mzizi uko Aleksandria katika karne ya 4, pale Patriaki Atanasi alipomweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, enzi za mfalme Ezana. Baadaye ikatokea kanuni iliyosemekana kuwa ya Mtaguso wa Nisea, ingawa mtaguso huo haukuitunga, iliyowazuia Waethiopia wasijichagulie mkuu kutoka miongoni mwao. Basi abuna, yaani mkuu wa kanisa, akawa mtawa wa Kikopti, yaani wa kanisa la Misri, na kwa kawaida alikuwa ndiye askofu pekee nchini. Katika karne ya 12 mfalme aliomba aongezewe maaskofu, Patriaki Gabrieli akakataa. Hofu ilikuwa kwamba wakifika 10 watatosha kumsimika mkuu wao wenyewe, na Aleksandria isiwe na neno tena.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye upadirisho. Kasisi hawezi kujiweka, wala abati hawezi kumweka. Ni askofu tu. Abuna akifariki, ujumbe ulifunga safari hadi Kairo na zawadi nono, na hata huko ulihitaji ridhaa ya mtawala Mwislamu wa Misri. Pengo lingeweza kudumu miaka mingi, na makasisi waliobaki wakizidi kuzeeka. Padri Mreno Francisco Alvares, aliyekuwa Ethiopia kati ya 1520 na 1526, aliona Abuna Marko akiweka makasisi zaidi ya 2,000 kwa siku moja. Mtahiniwa alisoma maneno machache kitabuni, akapigwa alama mkononi, akapita kwenda kuwekwa. Hata watoto wachanga waliletwa mikononi wafanywe mashemasi. Alvares alipohoji, jibu lilikuwa kwamba abuna ni mzee mno na hakuna ajuaye mwingine atakuja lini. Mimi siwalaumu: aliyeachiwa mlango mmoja usio na saa ya kufunguliwa hupitisha wote anaoweza.

Lakini ninaloliona kubwa zaidi lilitokea monasterini. Katika karne ya 14 mtawa Ewostatewos alishikilia kwamba Jumamosi, Sabato ya kale, iadhimishwe sawa na Jumapili. Aleksandria haikukubali. Aliondoka na baadhi ya wanafunzi wake, akafika hadi kwa patriaki huko Misri bila kuelewana naye, akafia Armenia mwaka 1352. Waliobaki nyuma walifukuzwa makanisani, na abuna hakuwapa daraja ya ukasisi. Hawakutawanyika. Walihamia kaskazini, katika milima ya Eritrea ya leo, wakajenga jumuiya zao wenyewe, Debre Bizen ikiwemo. Nyingine ziliongozwa na watu wasiokuwa na ukasisi.

Hapo ndipo mfalme alipopata nafasi yake. Abuna alikuwa mgeni, mara nyingi asiyejua lugha ya watu; watawa ndio waliowajua wanavijiji. Filipo, abati wa Debre Bizen, alizuiliwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1404 mfalme Dawiti akaamuru wafuasi hao waachwe na Sabato yao. Mfalme Zara Yakobo akakamilisha. Aliletewa maaskofu wawili, Mikaeli na Gabrieli, na mwaka 1450, kwenye mtaguso wa Debre Mitmak, Wamisri hao walikubali Sabato. Nao wafuasi wa Ewostatewos wakakubali kupokea daraja kutoka mikononi mwao. Mfalme hakuvunja uhusiano na Aleksandria. Aliutumia kuunganisha kanisa kwa masharti yaliyotoka ndani ya nchi, na utunzi huo wa siasa nausifu mpaka leo.

Karne nne baadaye kamba ilivutwa upande wa pili. Abuna Salama alimtia mafuta mfalme Tewodros mwaka 1855, wakagombana juu ya ardhi za kanisa, na abuna akafia kifungoni Makdala, ngome ya mfalme huyo, mwaka 1867. Mfalme Yohana wa Nne alijifunza: mwaka 1881 akapata maaskofu wanne kwa mpigo. Mmoja wao, Matewos, ndiye aliyewafungua wakuu kiapo chao kwa Lij Iyasu mwaka 1916, na Iyasu akapoteza enzi. Mgeni asiye na ukoo wala jeshi nchini aliweza kumng'oa mtawala, kwa kuwa kiapo kilikuwa chini ya mamlaka yake.

Waethiopia wa kwanza katika utaratibu huu walipewa uaskofu 1929. Basilios akawa abuna mzalendo mwaka 1951, na mwaka 1959 akawa patriaki, akisimikwa Kairo na Kirilo wa Sita. Eritrea ilipopata uhuru wake, nayo iliomba kusimikiwa mkuu wake na Kairo, siyo Addis Ababa, na patriaki wake wa kwanza, Filipo, aliyesimikwa mwaka 1998, alitoka Debre Bizen.