Lezami ni sawa, lezero inachekesha

Swali: Mwalimu, nasoma Kifaransa mwaka wa pili hapa Arusha. Les amis tunaambiwa tusome «lezami». Nami niliposoma les héros nikasema «lezero», darasa zima likacheka. Hiyo s ya mwisho inasikika lini na inanyamaza lini?

Jibu: Walicheka kwa sababu «lezero» ni matamshi sahihi kabisa, ila ni ya les zéros, yaani sifuri, ulikusudia kuwataja mashujaa ukawaita sifuri. (Matamshi ninayoandika hapa ni ya kukaribia tu, kwani Kiswahili hakina herufi za irabu zinazopita puani.)

Zamani Kifaransa kilitamka konsonanti nyingi za mwisho wa maneno. Zikadondoka polepole, zikabaki hai pale tu ambapo neno linalofuata linaanza kwa irabu na maneno yenyewe yameshikamana kiasi cha kutamkwa kama neno moja. Kwa hiyo kutazama herufi inayofuata hakutoshi. Tazama pia undugu wa maneno hayo mawili. Sisi wenyewe tunasema «mwanangu» kwa sababu «mwana» na «wangu» hawaachani, lakini hakuna anayeunganisha hivyo nomino na kitenzi chake.

Undugu wa karibu zaidi ni wa nomino na kinachoitangulia: les, mes, un, deux, au kivumishi kama petit. Hapo kuunganisha ni lazima, na sauti nyingine hubadilika: s na x husikika kama z, na d husikika kama t, ndiyo maana grand homme hutamkwa «grantom». Z hiyo hung'ang'ania nomino kiasi kwamba katika Krioli ya Shelisheli ndege ameshakuwa zwazo, moja kwa moja kutoka les oiseaux. Kiwakilishi na kitenzi chake nao hawaachani, na hapo kosa huharibu maana: ils ont, «ilzon», ni «wana» kitu fulani, ilhali ils sont, «ilson», ni «wao ni». Tofauti yote imebebwa na z na s, basi ukiilegeza z hiyo, anayekusikiliza atangoja sifa zao badala ya mali zao.

Undugu hukatika baada ya nomino ya umoja. Mfano ninaoupenda ni un savant aveugle, kwa kuwa maandishi yake ni mamoja na maana zake ni mbili. Ukitamka t ya savant, umelifanya neno hilo kuwa kivumishi, na unamzungumzia kipofu aliye msomi. Ukiinyamazisha, savant ndiyo nomino, na unamzungumzia msomi aliye kipofu. Hukatika vilevile kati ya nomino iliyo kiima na kitenzi chake, na baada ya et, «na», ambayo t yake haitamkwi kamwe.

Sasa turudi kwa mashujaa wako. Herufi h katika Kifaransa haitamkwi, lakini ziko h za aina mbili: moja ni kama haipo, nyingine ni ukuta unaozuia kuunganisha. Nyingi za aina ya pili zimo katika maneno yaliyotoka lugha za Kijerumani cha kale, ila héros si mojawapo, na ajabu ni kwamba héroïne, shujaa wa kike, haina ukuta: les héroïnes huunganishwa bila shida. Huwezi kuikisia, lakini unaweza kuipima kwa umoja wake. Ukikuta l'homme, kiambishi kimemezwa, basi hata wingi utaungana, «lezom». Ukikuta le héros au la hache, le na la zimesimama kamili, basi usiunganishe. Kamusi nyingi huweka nyota au alama ya ritifaa mbele ya maneno haya. Onze, «kumi na moja», haina h lakini ina tabia hiyohiyo: husemwa le onze, na les onze haiungani.

Jaribu sentensi hii: Les enfants ont un petit oiseau et un hibou, «Watoto wana ndege mdogo na bundi». Les enfants, unganisha. Enfants ont, kiima na kitenzi, acha. Ont un ni hiari: msoma taarifa anaweza kutia t, nyumbani wengi hawaitii. Petit oiseau, unganisha. Et un, acha. Un hibou ina ukuta, acha. Utapata «lezanfan on en petitwazo e en ibu», na kama t ya ont imekutoka, hakuna atakayecheka.